Uzi: Ubia wa dagaa watu watatu, nimegawa faida imebaki 14,800 haina mwenyewe

LumbaLumba_Ujiji (mwenye uzi)

Wakuu habari za jioni. Tuko watatu kwenye ubia wa dagaa, mimi, shemeji yangu na mama mdogo. Tunanunua Katonga na Kibirizi tunaanika tunapakia, kazi ya stoo na kusafirisha anaisimamia shemeji. Mkataba wetu tuliandika karatasi moja tu, unasema hivi: kila mtu apate riba ya mtaji asilimia 8 kwa mwaka, shemeji apate mshahara laki tatu kwa mwezi, halafu kinachobaki tugawane 3:2:2, mimi ndo mwenye tatu.

Mtaji: mimi milioni 20, shemeji milioni 12, mama mdogo milioni 8. Karani wetu kafunga hesabu za mwaka jana kanipa faida halisi 14,200,000. Nikakaa na simu nikapiga, riba jumla 3,200,000, mshahara 3,600,000, inabaki 7,400,000. Hiyo nikaigawa kwa asilimia, 42.8 kwangu na 28.5 kwa kila mmoja wao. Nikapata 3,167,200 yangu na 2,109,000 mara mbili. Nikijumlisha vyote na riba na mshahara napata 14,185,200. Imebaki 14,800 sijui ya nani. Kesho kutwa tunakaa kikao nyumbani kwa mama mdogo pale Mwanga na yule mama kwa maswali simuwezi. Nimekosea wapi?

Kibirizi_Mwaloni

Hahaha mkuu 14,800 ni hela ya chai na vitumbua hapo kikaoni, nunua watu wale maisha yaende

mpiga_chapa_82

Usiseme hivyo, hela isiyokuwa na mwenyewe ndo inaanza kuleta maneno. Mimi naona karani kala. Mwambie alete daftari la mauzo mpitie upya kuanzia Januari.

LumbaLumba_Ujiji

Karani hajagusa mgao, nimegawa mimi mwenyewe kwa simu yangu. Swali langu ni la mgao tu

Mhasibu_Ng'ambo_Tabora

Hiyo 14,800 jibu lake ni jepesi kaka, 42.8 jumlisha 28.5 jumlisha 28.5 unapata 99.8. Umeacha asilimia 0.2 nje, na asilimia 0.2 ya 7,400,000 ndo hiyo hiyo 14,800. Uwiano wa 3:2:2 una mafungu saba, na saba haigawanyiki vizuri kwenye asilimia, 3/7 ni 42.857 na kuendelea haina mwisho. Usiigeuze kuwa asilimia kabisa, gawa baki kwa saba halafu zidisha kwa tatu au kwa mbili.

Ila usifunge hesabu bado. Kuna vitu viwili sijavielewa kwenye maelezo yako na vinanitia wasiwasi kuliko hiyo 14,800. Kwanza, huyo shemeji mshahara wake anaupataje, anasubiri mwisho wa mwaka au anauchukua kila mwezi? Pili, hiyo milioni 20 yako ilikuwepo yote toka tarehe 1 Januari?

LumbaLumba_Ujiji

Aaah asante sana, nilijua ni kitu kidogo. Shemeji anachukua kila mwezi kwenye mauzo, laki tatu, hajawahi kuruka mwezi hata mmoja huyo. Mtaji wangu nilianza na milioni 16, nikaongeza milioni 4 tarehe 1 Julai tulipotaka kununua turubai na kulipia stoo ya pili.

Mhasibu_Ng'ambo_Tabora

Sawa. Sasa fungua hesabu aliyokupa karani uangalie upande wa gharama, mstari wa mishahara umeandikwa kiasi gani?

mama_Lubuva

Samahani naomba kuuliza hapa hapa, sisi kikundi chetu cha vikoba tunavunja mwezi wa kumi na mbili na tunagawana kwa hisa, sasa kuna mwenzetu alikuwa anatunza sanduku anataka naye apewe mshahara kwanza. Hiyo inakuaje?

Mhasibu_Ng'ambo_Tabora

Mama yangu vikoba ni kitu kingine, nyie mna katiba yenu na mnagawana kwa hisa. Kama katiba haijasema mtunza sanduku analipwa basi hilo ni la kikao cha wanachama. Hapa tunaongelea ubia wa watu watatu wenye mkataba wao. Fungua uzi wako utapata watu wanaolijua hilo.

LumbaLumba_Ujiji

Nimeangalia. Mishahara 6,480,000. Nimempigia karani anasema vibarua wa kuanika na kupakia walikula 240,000 kwa mwezi, hiyo ni 2,880,000 kwa mwaka, na iliyobaki ni ya shemeji. Kwani kuna shida?

Mhasibu_Ng'ambo_Tabora

Shida ndo hiyo hapo, na ni kubwa. Ile 14,200,000 uliyopewa kama faida tayari imeshatolewa 3,600,000 ya shemeji, karani kamhesabu kama kibarua. Halafu wewe ukaja ukaitoa tena 3,600,000 kwenye mgao. Mshahara mmoja umetolewa mara mbili.

Mbia hajiajiri. Mshahara wake ni sehemu ya kugawana faida, sio gharama ya kupata faida, kwa hiyo kwenye gharama unatakiwa ubaki mstari wa vibarua peke yake. Rudisha ile 3,600,000 juu, faida ya kugawana inakuwa 17,800,000. Hapo ndo unaanza kutoa riba na mshahara. Na zile laki tatu tatu alizokuwa anachukua zinaandikwa kwenye akaunti yake binafsi kama hela aliyokwisha kuchukua, ili mwisho wa mwaka mjue amebakiza ngapi. Asipewe tena.

Kwa jinsi ulivyogawa wewe, shemeji kachukua 3,600,000 ndani ya mwaka kwa mikono yake, na kesho kutwa ulikuwa unaenda kumpa nyingine 3,600,000 na riba na fungu lake. Na mngekubaliana wote mkala pilau.

Kibirizi_Mwaloni

Duuh. Na mimi nilisema ni ya vitumbua 😂

LumbaLumba_Ujiji

Subiri subiri. Mbona basi hesabu iligoma kwa 14,800 tu? Kama ningegawa kwa saba ingekaa sawasawa na nisingejua kitu?

Mhasibu_Ng'ambo_Tabora

Ndio, ingekaa sawa bin sawa hadi shilingi ya mwisho na bado ingekuwa imekosewa. Hapo ndo watu wengi wanaponasa. Wewe baki unaipata kwa kutoa, umechukua faida umetoa riba umetoa mshahara, chochote kinachobaki unakigawa chote. Sasa ukija kujumlisha lazima ifike kwenye faida uliyoanzia maana umeifanya mwenyewe ifike. Ungeandika faida milioni 50 kwa makosa ingekaa sawa vilevile. Ungesahau riba ya mama mdogo kabisa ingekaa sawa, kwa sababu ile baki ingevimba tu na kumeza kosa.

Kwa hiyo kuhakikisha hakuna kilichobaki ni kazi ya lazima ila inakamata makosa ya aina moja tu, ya kugawa vibaya ile baki ya mwisho. Makosa ya huko juu, yani faida gani umeanza nayo, riba ya mtaji upi, mshahara wa miezi mingapi, hayo hayaonekani hapo kabisa. Hayo unayakagua moja moja kwa karatasi nyingine, faida unaikagua kwa hesabu ya karani, mtaji kwa risiti za benki na tarehe zake, mshahara kwa mkataba.

Mzee_wa_Gungu

Jamani kwanza huo mkataba wenyewe sio wa kisheria. Sheria inasema faida inafuata mtaji, mwenye milioni 20 apate mara mbili na nusu ya mwenye milioni 8. Hiyo 3:2:2 mmeitoa wapi? Hata mahakamani mtashindwa.

Wakili_wa_Mtaani

Mzee wangu shikamoo. Hapo kwenye kufuata mtaji sio kweli. Ubia kwetu uko ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na msimamo wake ni kwamba makubaliano ya wabia yanatangulia. Wasipokubaliana kitu ndo sheria inajaza, na inajaza kwa kugawa SAWA kwa SAWA, bila kuangalia nani kaweka nyingi. Na bila makubaliano hakuna mshahara wa mbia wala riba ya mtaji. Kwa hiyo hao wangekaa kimya, mama mdogo mwenye milioni 8 angepata theluthi nzima sawa na mwenye 20. Karatasi yao moja ndo inamwokoa mwenye uzi.

Mzee_wa_Gungu

Marahaba. Mimi nilikuwa nafikiria kampuni za hisa, huko ndo inafuata hisa. Lakini bado naona 3:2:2 ni kumwonea mama mdogo au kumpendelea, sijui kipi

LumbaLumba_Ujiji

Kupendelewa mzee, kapewa mbili sawa na shemeji kwa sababu ndo mwenye kiwanja cha kuanikia na hatudai kodi. Tulikubaliana hivyo.

Mkuu wa Tabora umesema kuna la pili, la mtaji wangu.

Mhasibu_Ng'ambo_Tabora

Ndio. Milioni 16 imekaa mwaka mzima, asilimia 8 yake ni 1,280,000. Ile milioni 4 imekaa miezi sita tu, riba yake 320,000 kwa mwaka, nusu yake 160,000. Jumla 1,440,000, wewe umejiandikia 1,600,000. Shemeji 960,000 na mama mdogo 640,000 ziko sawa. Riba yote inakuwa 3,040,000.

Sasa nakupigia yote upya. Faida 17,800,000, toa riba 3,040,000, toa mshahara 3,600,000, inabaki 11,160,000. Gawa kwa saba. Wewe mafungu matatu 4,782,857, wao mafungu mawili kila mmoja 3,188,571. Ukijumlisha inapungua shilingi moja kwa sababu ya kukata desimali, mnampa mmoja wao, mi naiweka kwa mama mdogo 3,188,572 yaishe.

Wewe jumla yako riba na fungu ni 6,222,857. Mama mdogo 3,828,572. Shemeji mshahara, riba na fungu 7,748,571, ila 3,600,000 alishakula, anadai 4,148,571. Zote tatu ukijumlisha kabla ya kutoa alichokula unapata 17,800,000 kamili.

Kwa mgao wako wa mwanzo ungepata 4,767,200, mama mdogo 2,749,000, na shemeji ukijumlisha na alizokwisha chukua 10,269,000. Yani shemeji angezidi kwa 2,520,429, wewe ungepoteza 1,455,657 na mama mdogo 1,079,572. Sasa angalia kitu cha kuchekesha, mlichopoteza nyie wawili ukitoa alichozidi shemeji inabaki 14,800. Ile ile uliyokuja nayo.

mpiga_chapa_82

Aisee. Kwa hiyo hakuna aliyekula ila angekula

LumbaLumba_Ujiji

Nimesoma mara tatu. Nimeishiwa maneno kidogo. Na miaka ya nyuma tulifanya hivi hivi, miwili iliyopita

Mhasibu_Ng'ambo_Tabora

Hizo nazo zipigwe. Usianze kwa kumlaumu shemeji, kosa ni la kuandika na wote mlisaini. Na kama mnatumia kompyuta hapo stoo, mpe karani aiweke hivi kwenye eksel, B2 iwe faida KABLA ya mshahara wa mbia, B3 riba yote, B4 mshahara:

```
B5: =B2-B3-B4
B6: =ROUND(B5*3/7,0)
B7: =ROUND(B5*2/7,0)
B8: =B5-B6-B7
B9: =ABS(B8-B5*2/7)<=1
```

B8 ndo mtu wa mwisho, anapata kwa kutoa ili shilingi isipotee. Ila mtu anayepata kwa kutoa ndo anameza makosa ya wenzake, karani akiandika 3/8 badala ya 3/7 yeye atavimba na jumla itabaki sawa. Ndo maana kuna B9, inapiga fungu lake kivyake na kulinganisha, ikisoma FALSE kuna kitu kimeharibika huko juu yake. Uwiano ukibadilika B9 nayo ibadilishwe, isisahaulike.

Kibirizi_Mwaloni

Sasa mi nina langu la kweli, sio utani. Tuko wawili, tunagawana nusu kwa nusu. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti tulikaa miezi mitatu hatuna mzigo. Faida ya mwaka ikawa 4,000,000 tu, kabla ya mshahara wangu. Riba yangu 900,000, ya mwenzangu 1,500,000, mshahara wangu 2,400,000. Jumla 4,800,000. Faida haitoshi! Mwenzangu akasema mshahara wangu upunguzwe kwa 800,000 mpaka itoshe. Nikakubali kwa shingo upande. Nilionewa au?

mpiga_chapa_82

Hapo mwenzako yuko sahihi, huwezi kugawa kisichokuwepo. Mshahara ndo wa kukatwa kwanza.

Mhasibu_Ng'ambo_Tabora

Kisichokuwepo hakigawiwi ni kweli, ila kukata mshahara kwanza kumetoka wapi? Mkataba usiposema nani akatwe, jinsi tulivyozoea kuandika ni kwamba riba na mshahara vinaingia vyote kama vilivyo, baki inakuwa hasi 800,000, na hiyo hasi mnaigawana kwa uwiano ule ule wa faida. Nusu kwa nusu ni 400,000 kila mmoja. Wewe 900,000 na 2,400,000 toa 400,000 unapata 2,900,000. Mwenzako 1,500,000 toa 400,000 anapata 1,100,000. Jumla 4,000,000, hakuna iliyobaki wala iliyozidi. Kwa alivyokata yeye, wewe ulipata 2,500,000 na yeye 1,500,000. Uliachia laki nne.

Wakili_wa_Mtaani

Hapa nitakupinga kidogo mkuu. Sheria inasema mbia hana haki ya riba ya mtaji kabla faida haijajulikana. Wengine tunasoma hapo kwamba riba inalipwa kutoka kwenye faida tu, faida ikipungua na riba inapungua. Ukisoma hivyo, kwa Kibirizi mshahara wake unakaa 2,400,000 na riba za wote wawili zinashuka mpaka 1,600,000, wanagawana kwa kadiri ya riba zao, yeye 600,000 na mwenzake milioni moja.

Mhasibu_Ng'ambo_Tabora

Hiyo ukiisoma hivyo Kibirizi anapata milioni 3 kamili. Sibishi kwamba inaweza kusomwa hivyo, ila na mkataba wao wenyewe si umesema riba italipwa? Sheria inajaza palipo wazi tu.

Wakili_wa_Mtaani

Umesema italipwa, haujasema hata faida isipotosha. Hapo ndo pako wazi kwangu.

Kibirizi_Mwaloni

Kwa hiyo ni 2,500,000, au 2,900,000, au milioni 3 😂 basi mi ya kwangu ndo ndogo kuliko zote. Nitamtafuta

LumbaLumba_Ujiji

Nimerudi wakuu. Nimeongea na shemeji kwa simu kabla ya kikao, niliona nisimshtukize mbele ya mama mdogo. Mwanzo alikuja juu, eti mshahara wake ni wa jasho lake sio faida. Nikamuuliza hizo laki tatu ulichukua au hukuchukua, akasema alichukua. Nikamuuliza sasa nyingine za nini, akanyamaza, akasema tutaongea. Kwenye mshahara ameelewa.

Ila kagoma kwenye ile riba yangu, na safari hii kagoma ili kunitetea mimi! Anasema mkataba umeandika asilimia 8 ya mtaji kwa mwaka, mtaji wako ni milioni 20, basi chukua 1,600,000. Nadhani anataka nimlegezee ile miaka miwili.

Mhasibu_Ng'ambo_Tabora

Hahaha shemeji ana akili. Lakini ujue ukichukua hiyo 160,000 ya ziada haiji yote kwako, inatoka kwenye baki ambayo wewe una mafungu matatu ya saba. Yani 68,571 unajitolea mwenyewe mfukoni, unachopata kikweli ni 91,429, na shemeji na mama mdogo kila mmoja anapoteza 45,714. Shemeji anakupa zawadi ambayo nusu yake inalipwa na mama mdogo.

Kimaandishi mkataba wenu haujasema mtaji wa lini, wa mwanzo wa mwaka, wa mwisho au kwa miezi uliyokaa. Mimi napiga kwa miezi kwa sababu fikiria mtu angeleta milioni 4 tarehe 28 Desemba akadai riba ya mwaka. Lakini hilo la kwenu mkubaliane watatu, mwongeze mstari mmoja, "riba itahesabiwa kwa miezi ambayo mtaji umekaa kwenye biashara". Na mwingine wa faida isipotosha, mmeona wenyewe Kibirizi alivyotoa majibu matatu.

Mzee_wa_Gungu

Na mstari wa kiwanja cha mama mdogo. Siku akitaka kodi hiyo itakuwa gharama, itatoka kabla ya faida, na hapo hana sababu tena ya kuwa na mbili.

LumbaLumba_Ujiji

Mzee hilo sijaliwaza na naogopa kuliwaza. Nimechapa karatasi ya 17,800,000 nakala tatu. Mama mdogo kapiga simu sasa hivi anauliza hiyo shilingi moja iliyozidi kwake imetoka wapi